Mtazamo wa ukuaji darasani: mwongozo kamili wa kuujaribu mwezi mmoja na kujua kama alama zimepanda kweli

Walimu huniandikia kwa namna mbili. Wa kwanza ametoka semina, ameandika “Bado sijaweza” juu ya ubao, amewaambia watoto kwamba akili hukua, na mtihani wa mwisho wa muhula umerudi vilevile. Wa pili alama zake zimepanda, na anataka nimpongeze. Nikimuuliza amezilinganisha na nini, hanijibu.

Wote wawili wamekwama mahali pamoja. Hawakujua watarajie kiasi gani, wala hawakuweka kitu cha kulinganishia. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza mwenye mikondo miwili, lakini wa somo jingine anaweza kuufuata kwa kubadili maswali tu.

Mtazamo wa ukuaji ni imani ya mwanafunzi kwamba uwezo wake wa akili unaweza kuongezeka. Kinyume chake ni mtazamo mgando: “Mimi hesabu sikuzaliwa nazo.” Mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyeieneza dhana hii, na mengi unayoyasikia semina yametoka kwake au yamepotoshwa kutoka kwake.

## Kabla ya yote: utarajie alama ngapi?

Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya kufundisha mtazamo huu na kutafuta wastani wake. Walipata faida ndogo sana. Tuitafsiri kwa lugha ya ofisi ya walimu: kama alama za darasa lako hutawanyika takriban 15 juu na 15 chini ya wastani, faida hiyo ni alama moja na kidogo kwa mia.

Mwaka 2023 Brooke Macnamara na Alexander Burgoyne walipitia tafiti 63. Walipobakiza zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, faida ikakaribia sifuri. Uingereza nako, jaribio lililotolewa ripoti mwaka 2019 katika shule za msingi 101 halikuona watoto waliofundishwa wakiwazidi wenzao katika kusoma wala hesabu.

Upande wa pili una ushahidi mmoja mzito. Mwaka huohuo wa 2019 David Yeager, Dweck na wenzao walitangaza matokeo ya wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa nchini Marekani. Somo lilikuwa la vipindi viwili vifupi kwenye kompyuta. Wanafunzi waliokuwa na alama za chini walipanda kwa 0.10 katika kipimo cha sifuri hadi nne hivi. Ni kidogo, lakini somo lenyewe halikufika saa moja.

Basi anayekuahidi kwamba darasa litatoka daraja F hadi C kwa bango la ukutani anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Unachoweza kupata ni alama chache, na zaidi kwa wale walio chini.

## Vifaa

- Mikondo miwili ya kidato kimoja, yote ikifundishwa Hisabati na wewe mwenyewe.
- Majaribio mawili ya maswali 20, alama tano kila swali, yenye mada zilezile na ugumu uleule, ila tarakimu tofauti. Yaandae yote mawili siku moja, kabla hujaanza.
- Daftari dogo la masahihisho kwa kila mwanafunzi. Karatasi zilizoshonwa zinatosha.
- Vipindi viwili vya dakika 40 katika kila mkondo.
- Vipande 40 hivi vya karatasi ngumu. Boksi la chaki likikatwakatwa linafaa.
- Sarafu moja.
- Makubaliano na mwalimu wa taaluma kwamba kwa mwezi huo hakuna mtoto atakayechapwa kwa kukosa swali, na orodha ya nafasi haitabandikwa ukutani.

Hilo la mwisho ndilo walimu hulirukaruka. Ukimwambia mtoto kosa ni sehemu ya kujifunza saa tatu, kisha saa tano akachapwa viboko vinne kwa makosa manne, ataamini viboko. Kama hukubaliwi, usianze.

## Hatua ya 1: Jua kwanza wanakosa kwa nini

Chukua wanafunzi sita wa chini kutoka kila mkondo. Kaa na mmoja mmoja dakika tano, umpe swali moja, aseme kwa sauti anachofanya. Mimi hutumia hili: 2/3 + 1/4.

Wengi wataandika 3/7. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usisahihishe bado, sikiliza tu. Utakuta sababu za aina tatu.

Kuna asiyejua hatua: hajui kwamba asili lazima zifanane kwanza, wala hawezi kutafuta KDS. Kuna anayejua, ila hakuelewa swali. Huyu ni wa kwetu hasa, kwa sababu amesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba, na leo karatasi yote iko kwa Kiingereza. Msomee swali lilelile kwa Kiswahili uone kama hajalimaliza kwa dakika moja. Na kuna aliyeacha kujaribu: anaandika chochote, au anakaa na kalamu hewani akisubiri kengele.

Mtazamo wa ukuaji unamgusa huyu wa tatu. Wa kwanza anahitaji kufundishwa upya, wa pili anahitaji msamiati. Kumwambia asiyeelewa lugha ya swali kwamba akili yake inakua ni kumpaka dawa mguu wakati anaumwa jino.

Umefaulu hapa kama mbele ya kila jina kati ya yale kumi na mawili umeandika neno moja: hatua, lugha, au kukata tamaa. Itunze orodha hiyo, tutairudia.

## Hatua ya 2: Jaribio la kwanza, kisha sarafu

Fanya jaribio la kwanza katika mikondo yote siku moja. Sahihisha, andika alama. Kisha katika kila mkondo chagua wanafunzi 20 wa chini. Hao ndio utakaowafuatilia, lakini wasijue, na wasitengwe. Mtoto akiambiwa “ninyi wadhaifu njooni huku tuwafunze kujiamini” umeshamfundisha kinyume.

Sasa rusha sarafu iamue mkondo upi upate somo. Usichague wewe. Kila mwalimu ana mkondo anaoupenda, ule unaonyamaza akiingia, na bila kujua ataupendelea. Tuseme sarafu imeangukia mkondo A.

## Hatua ya 3: Vipindi viwili, mkondo A peke yake

Usihutubie. Katika jaribio la Marekani wanafunzi walisoma, wakatafakari, wakaandika.

Kipindi cha kwanza, wape ukurasa mmoja unaoeleza kwamba seli za ubongo huunganika, na miunganiko hiyo huimarika mtu anaposhughulika na jambo gumu kwa namna sahihi. Usivuke hapo. Usiwaambie yeyote anaweza kuwa chochote; watoto wa kidato cha kwanza si wajinga, wanamjua mwenzao aliyelala na daftari na bado akashindwa. Kisha waletee wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waliowahi kuanguka hesabu, waeleze walibadili nini hasa. “Nilijitahidi” haitoshi. “Nilianza kurudia swali nililokosa siku hiyohiyo, na nikiwa nimekwama namuuliza dada Neema wa bweni letu” inatosha.

Kipindi cha pili kila mmoja aandike barua kwa mtoto atakayeingia kidato cha kwanza mwakani, akimweleza aliyoyajua na afanye nini hesabu ikimkataa. Barua hii si pambo. Mtu hushawishika zaidi na maneno aliyoyatoa kinywani mwake kuliko yale aliyomiminiwa.

Mkondo B nao wape vipindi viwili, ukurasa mmoja na barua moja, ila kuhusu sehemu za ubongo na kazi zake, bila habari ya uwezo kuongezeka. La sivyo hutajua kama A walipanda kwa sababu ya somo au kwa sababu ya kuonyeshwa tu kwamba mwalimu anawajali.

Umefaulu kama barua nyingi za A zinataja kitendo. Zikiwa zimejaa “usikate tamaa, Mungu ni mwema, utafika mbali”, watoto wameandika risala ya mahafali, na somo halijaingia.

## Hatua ya 4: Badili ulimi wako, mikondo yote miwili

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck waliwapa watoto mafumbo ya maumbo. Baada ya kufaulu, wengine waliambiwa wana akili, wengine wamefanya bidii. Yakaja mafumbo magumu, wote wakaanguka. Waliporudishwa kwenye mepesi, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mwanzo, na waliosifiwa bidii wakafanya vizuri zaidi. Simulizi hii husimuliwa kila semina. Isiyosimuliwa ni kwamba Yue Li na Timothy Bates walijaribu jambo hilo tena kwa watoto wa China, wakatangaza mwaka 2019 kwamba athari hiyo kwenye ufaulu hawakuiona.

Kwa hiyo usiweke imani yako yote kwenye sifa. Lakini acha “kichwa maji” na acha pia “genius wetu huyu”, kwa kuwa vyote havimwonyeshi mtoto afanye nini sasa.

Na usiangukie shimo la upande wa pili, ambalo Dweck mwenyewe amelionya: kusifu bidii tupu. “Umejitahidi” kwa aliyeandika 3/7 ni kumwacha na 3/7 yake. Mazungumzo yawe hivi:

“Mwalimu, nimekosa tena.”

“Ulianza na ngapi?”

“Theluthi mbili.”

“Theluthi mbili imezidi nusu au haijafika nusu?”

“Imezidi.”

“Ukaongeza robo. Na hiyo tatu ya saba uliyopata, imezidi nusu?”

Atanyamaza. Kisha atasema, “Haijafika. Nimeongeza, halafu imepungua.”

“Haya. Kwa nini imepungua?”

Hapo hujamsifu wala hujamkaripia. Umempa njia ya kulinusa kosa lake mwenyewe, na kesho atalinusa bila wewe. Jibu la 11/12 litakuja.

Kwa nini mikondo yote? Kwa sababu huwezi kuwa na ulimi mmoja saa mbili na mwingine saa nne, utajisahau. Bora uubadili kote, ili tofauti itakayobaki kati ya A na B iwe ya vile vipindi viwili tu.

## Hatua ya 5: Masahihisho yenye maana, mikondo yote miwili

Katika data ileile ya Marekani, somo liliinua alama zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kukubali kazi ngumu. Uchambuzi wa mwaka 2022 ukaongeza kwamba alama za hesabu zilipanda pale ambapo mwalimu naye aliamini uwezo hukua. Mbegu inataka udongo. Mtoto aliyeamini kwamba anaweza kuboreka, halafu akarudishiwa jaribio lenye 15 kwa mia, kalamu nyekundu, na mada mpya kesho yake, ataamini hadi lini?

Kila wiki, kwa majuma manne, fanya hivi. Toa zoezi fupi la maswali matano. Lirudishe kesho yake. Kwa kila swali alilokosa, mwanafunzi aandike mistari mitatu kwenye daftari la masahihisho: nilifanya nini, kwa nini si sawa, na swali jipya la aina hiyo nimelitatua hivi. Akilipata hilo jipya, mrudishie nusu ya alama alizopoteza.

Onyo: mstari wa pili ndio watakaokudanganya. “Kwa sababu nilikosea” si sababu. “Kwa sababu niliharakisha”, “sikuwa makini”, pia si sababu. Unataka “nilijumlisha asili wakati vipande havilingani ukubwa”. Wiki ya kwanza utarudisha madaftari mengi. Darasa likiwa na watoto 70, usisome yote: chagua kumi bila kutangaza ni yapi, na mengine wabadilishane wakaguane.

Umefaulu kama wiki ya tatu mtoto anakuja na kosa kabla hujamwita.

## Hatua ya 6: Jaribio la pili

Baada ya wiki nne toa jaribio la pili. Mwombe mwalimu mwenzako asahihishe, na majina na mkondo vifunikwe kwa karatasi. Mimi mwenyewe niliwahi kusahihisha jaribio la namna hii bila kufunika, na nilipolirudia baadaye nikakuta nimewapa watoto wangu “nusu alama ya juhudi” mahali pengi kuliko wengine. Mkono hauna haya.

Zile alama za masahihisho za hatua ya 5 zisiingie kwenye hesabu hii hata moja.

## Hatua ya 7: Soma matokeo bila kujidanganya

Tuchukue mfano wa kubuni. Wale 20 wa chini wa mkondo A walikuwa na wastani wa 21, sasa wana 29. Wamepanda alama nane. Mwalimu wa ujumbe wa pili angeishia hapa na kuniandikia.

Tazama B. Wale 20 wao walikuwa na 22, sasa 28. Wamepanda sita, na hawakusikia neno moja kuhusu akili kukua.

Sita hizo zimetoka wapi? Nyingine ni za ufundishaji na masahihisho. Nyingine ni za kitu kinachowapotosha walimu kuliko chochote: ukichagua walio chini siku moja, umewachota pamoja na mtoto aliyekuwa na malaria siku hiyo, aliyefiwa, aliyeruka ukurasa wa pili. Jaribio lijalo hao watapanda hata ukikaa kimya. Vivyo hivyo ukiwachagua kumi bora, jaribio lijalo wengi watashuka kidogo. Ndiyo maana kulinganisha kundi na alama zake za zamani hakukwambii kitu.

Faida ya somo ni nane kutoa sita: alama mbili.

Je, mbili hizo ni za kweli au ni bahati? Hapa ndipo vipande vya boksi vinapoingia. Kwa kila mmoja wa wale 40 andika kwenye kipande amepanda au ameshuka ngapi. Vichanganye kama karata. Gawa mafungu mawili ya 20, tafuta wastani wa kila fungu, kisha toa fungu la kulia kwenye la kushoto. Andika jibu. Changanya tena. Fanya mara 20. Wape wanafunzi wa kidato cha nne, ni mazoezi mazuri ya takwimu.

Hesabu ni mara ngapi fungu la kushoto limelizidi la kulia kwa alama mbili au zaidi, kwa bahati tupu ya karata. Kama mabadiliko ya watoto wako yanatawanyika alama kumi hivi juu na chini, utaona limetokea mara nne, tano au sita kati ya 20. Basi alama zako mbili haziwezi kutofautishwa na bahati. Ili uzitofautishe, kwa idadi hiyo ya watoto, tofauti ingetakiwa kufika alama sita hivi.

Soma hili mara mbili. Darasa lako haliwezi kuthibitisha faida ya alama moja au mbili, hata kama ipo. Ndiyo sababu Marekani walihitaji maelfu. Lakini jaribio lako linaweza kukanusha ahadi kubwa. Mtu aliyekuja na projekta akasema alama zitapanda 15 kwa mwezi, unaweza kumjibu kwa karatasi mkononi.

## Ufanye nini na jibu lako

Ukipata tofauti ndogo isiyoeleweka, ambayo ndiyo utakayoipata wengi wenu, vipindi viwili viendelee mwakani kama nafasi ipo, kwa kuwa gharama yake ni karatasi tu. Usikubali shule itumie fedha za vitabu kuleta semina nyingine. Wakiwapo walimu wa shule nne au tano walio tayari kufuata hatua hizihizi na majaribio hayohayo, unganisheni vipande vyenu, na kila mmoja ailinganishe mikondo ya shule yake kwanza.

Ukipata A wako chini ya B, liandike pia. Usilizike.

Kisha itoe ile orodha ya hatua ya 1. Tazama majina uliyoyaandikia “lugha” katika mikondo yote miwili. Kama hayajasogea, wakusanye Ijumaa baada ya vipindi, uwape maneno thelathini ya Kiingereza yanayojirudia kwenye maswali ya Hisabati, kila neno na maana yake kwa Kiswahili na swali moja la mfano, kisha uwape jaribio la kwanza walifanye upya.